Insha ya swali la 9, moko ya Kiswahili kidato cha nne: nakala ya kuchapwa

Madam shikamoo. Hii ndo ile skripti mliyobishania na ticha mwenzio jana kama hoja aliyoikata isahihishwe au la, nimeichapa kama ilivyo, hata "biashala" nimeiacha maana kaandika hivyo. Alichokata ni ~~hivi~~, alichochomeka juu ya mstari ni ^hivi^, nisiposoma naweka [?]. Mabano ya mraba ni mimi naongea sio mtoto. Namba ni za mistari ya karatasi yake ili mfuatishe mkiwa na skripti mkononi.

SWALI LA 9. Sangara ni neema au balaa kwa watu wa Ziwa Victoria? Toa hoja.

1 Sangara ni samaki ~~mkubwa~~ ^mgeni^ katika ziwa letu. Aliletwa na
2 ~~wazungu~~ ^wakoloni^ miaka ya ~~1950~~ ^~~1960~~^ ili awale furu [chini ya 1950 kaweka vidoti vidoti, na 1960 kaikata baadaye kwa wino mzito, kwa hiyo mi nasoma anairudisha 1950. Msimkate maksi hapo jamani, upande wa Uganda walianza kumwaga kimyakimya miaka ya 50 na rasmi ikawa mwanzoni mwa 60, zote mbili zina mashiko]
3 ambao walikuwa wengi lakini wadogo ^na wana miba^ na hawana soko.
4 Kwanza ni neema kwa sababu ameleta ~~hela~~ ^fedha za kigeni^. Hapa
5 Mwanza kuna viwanda vya ~~kukata~~ ^kuchakata^ minofu inaenda Ulaya
6 na mabondo yanauzwa ~~bei~~ ^bei kubwa kuliko nyama yenyewe^ China.
7 Pili ajira, mfano vijana wa Mwaloni Kirumba wanabeba, wanapima
8 na kupakia ~~samaki~~ ~~sangara~~ samaki. Biashala hii imesomesha
9 ~~mimi~~ ^watoto^ wengi. [hapo kakata "mimi" mara tatu mpaka karatasi imetoboka, nadhani kakumbuka insha haitaki habari zake]
10 Lakini ni balaa pia. Furu wengi walikwisha ~~miaka ya~~ ^kuanzia^ 1980
11 sangara alipozidi, maana ^aliwala^. Na furu walikuwa wanakula
12 mwani, walipopungua mwani ukaongezeka na maji yaka [?] 

[neno linaishia ukingoni, linaweza kuwa "yakachafuka" au "yakachacha", herufi ya mwisho kama a. Sasa kuanzia 13 ndo ugomvi wenu. Kuna mkasi mkubwa umepita 13 mpaka 16, wino wa bluu, kwa hiyo ni wake mwenyewe sio wa msahihishaji maana nyie mnatumia nyekundu. Nimechapa ndani yake kila kitu]

13 ~~Tatu sangara ana mafuta mengi hakauki juani kama dagaa~~
14 ~~inabidi~~ ~~akaushwe kwa moshi~~ ~~^abanikwe^ na kuni zinatoka~~
15 ~~kwenye miti ya visiwani, hivyo misitu inakatwa na mvua~~
16 ~~ikinyesha udongo unaingia~~ ziwani.
17 Tatu wenyeji tunabaki na mapanki, minofu inapanda ndege.

[Angalieni 16: mkasi unakomea kwenye "unaingia", "ziwani" imebaki nje peke yake. Halafu pembeni mwa 13 kwenye pambizo kuna mshale unaoshuka mpaka 18, na juu yake kaandika ^nne^ kwa penseli. Mimi navyoona kaikata sio kwa sababu ni mbovu, kaikata kwa kuwa alitaka mapanki yatangulie, akahamishia hoja ya kuni chini kwa mshale ila muda ukamkaba hakuiandika upya. Na ukweli hiyo ndo hoja yake kali kuliko zote, wengi hapa wanaandika "uchafuzi wa mazingira" basi imeisha, huyu kaeleza kuni zinaingiaje. Mkisema kilichokatwa hakisahihishwi sawa, lakini basi semeni na mshale ni wa nini]

18 ~~Kwa hiyo~~ ^Hivyo basi^ sangara ni ^neema kwa mwenye kiwanda na^
19 balaa kwa ~~sisi~~ ^mvuvi mdogo^ ~~ambaye hana~~ ^asiye na^ nyavu
20 ~~nzuri~~ ^za macho makubwa^. Serikali ^na wavuvi wenyewe^ ~~wapige~~
21 ~~malufuku~~ wasimamie ^ukubwa wa macho^ na wasivue ~~wachanga~~ ^vichanga^.

[20 na 21 kimshale cha "ukubwa wa macho" kiko katikati ya "wasimamie" na "na", nimekiweka nilipokiona ingawa macho yanajirudia. "Malufuku" ni l kabisa sio r, nimetazama na tochi ya simu]

Maneno yaliyo juu ya mstari nimeyahesabu kama insha, yaliyokatwa hapana, kwa hiyo kama mnapima urefu mstari wa 13 hadi 16 haumo isipokuwa "ziwani". Skripti yenyewe iko kwenye bahasha ya kaki, nitapita nayo Kirumba kesho asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, mstari wa 12 tuusome wote watatu kwenye mwanga wa dirisha.