Wasifu wa mwombaji: Afisa mikopo anayeomba nafasi ya msimamizi wa mikopo

Niko kwenye kazi ya mikopo midogo tangu 2016. Nilianzia dirishani nikipokea marejesho, na baada ya miezi minane nikapelekwa uwanjani. Nina stashahada ya uhasibu. Naitaja kwa sababu tangazo limeiulizia, lakini hesabu ninazozitumia kila siku nilizijulia kwenye madaftari ya wateja.

Hadi mwisho wa Juni 2025 nilikuwa nikihudumia wateja 312: wanachama 264 katika vikundi 22, na wakopaji binafsi 48. Mikopo yenye rejesho lililochelewa zaidi ya siku 30, yaani ile safu inayosomeka PAR 30 kwenye ripoti yetu, ilikuwa asilimia 2.3 ya salio lote. Marejesho yanayolipwa siku ileile yanayodaiwa ni asilimia 97. Kati ya mikopo zaidi ya 1,900 niliyotoa tangu mwishoni mwa 2019, iliyofutwa vitabuni ni 9, na wawili kati ya hao walirudi wenyewe kumaliza deni baada ya kufutwa.

Naijua asilimia 2.3 inavyoweza kudanganya, kwa hiyo niieleze. Kipimo hiki hakihesabu rejesho lililokwama peke yake, kinahesabu salio lote la mkopo huo. Mteja aliyebakiza marejesho manane akikwama moja kwa siku 31, yote manane yanaingia. Afisa anayetaka kuonekana msafi ana njia tatu za mkato: afute mikopo mibovu upesi, aipangie upya ratiba ili ionekane ya leo, au agawe mikopo mipya kwa wingi ili salio livimbe na asilimia ishuke. Ndiyo maana kila mwezi nimekuwa nikiambatanisha ukurasa mmoja wenye mikopo niliyoifuta na niliyoipangia upya. Mwezi Juni iliyopangiwa upya ilikuwa 7. Hakuna aliyeniagiza kufanya hivyo, na meneja wangu wa kwanza hakuupenda kabisa ukurasa huo.

Wateja hawa nilikabidhiwa mwishoni mwa 2019, PAR 30 ikiwa asilimia 11.4. Aliyenitangulia alikuwa amehama, na vikundi vitatu vilikuwa vimeacha kukutana. Wiki mbili za kwanza sikudai hata senti. Nilizunguka na orodha ya salio, nikakaa na kila mteja tukalinganisha stakabadhi zake na mfumo wetu. Kwa wateja 17 mfumo ulikuwa na makosa: walilipa, na fedha ikaingizwa kwa jina lingine au haikuingizwa. Mama mmoja fundi cherehani alikuwa na stakabadhi zake zote kwenye kopo la vifungo, zimekunjwa ndogo kama hirizi. Tulizikunjua moja moja juu ya meza ya kukatia nguo. Zilikuwa 14, mfumo ukasoma 11. Miezi mitano alikuwa akiitwa mdaiwa sugu mbele ya wenzake. Nilirudi naye kwenye mkutano wa kikundi, nikasoma hesabu sahihi kwa sauti, nikaomba radhi kwa niaba ya ofisi. Kikundi hicho kilianza kukutana tena wiki iliyofuata.

Halafu ikaja 2020. Biashara zilifungwa, mikutano ikasimama, na wateja wengi tukawaahirishia marejesho. Mkopo ulioahirishwa hauhesabiwi umechelewa, kwa hiyo ripoti ilipendeza wakati hali ilikuwa mbaya. Niligawa wateja mafungu matatu kwa kalamu: anayeweza kulipa kidogo, anayehitaji muda, na ambaye biashara yake imekufa. Wa fungu la tatu sikuwapa mkopo mwingine wa kulipia ule wa kwanza, ingawa njia hiyo ilikuwa wazi. Ahueni ilichukua karibu miaka miwili.

Kosa langu kubwa ni la 2018, kabla ya wateja hawa. Mkopaji binafsi aliyekuwa amemaliza mikopo miwili bila doa aliniomba wa tatu, mkubwa mara mbili ya uliotangulia. Historia yake ilinilewesha. Sikurudi dukani kwake kuhesabu mali, sikuuliza kama anadaiwa kwingine. Alikuwa na mikopo mingine miwili, mmoja wa wale wakopeshaji wa kausha damu. Wadhamini wake ndio waliobeba mzigo, na mmoja wao hanisemeshi hadi leo. Tangu hapo kila ombi jipya, hata la mteja wa miaka saba, linaanzia kwenye daftari la mauzo na mzunguko wa fedha wa wiki nne. Rejesho nalipima kwa kile kinachobaki baada ya matumizi ya nyumbani. Mauzo peke yake hayanitoshi.

Wateja wananiamini kwa nini? Nadhani ni kwa sababu nawaonyesha gharama kabla hawajatia saini. Mtu akiambiwa riba ni asilimia 2 kwa mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, kwa miezi 12, anaona ni nafuu. Namfanyia hesabu kwenye karatasi: deni linapungua kila mwezi lakini riba haipungui, kwa hiyo ukiipima kwa salio linalobaki inakaribia asilimia 3.5 kwa mwezi. Wengine husikia hivyo wakapunguza kiasi walichoomba. Wachache huondoka. Waliobaki hawana cha kushtukia mwezi wa nne.

Matokeo yake nayaona kwenye simu. Nina daftari ninaloandika kila mteja anayenipigia kabla ya siku ya rejesho kusema mambo si mazuri. Mwaka wa kwanza na vikundi hivi walipiga 6. Mwaka uliopita walipiga 83. Wengi wa hao walilipa ndani ya siku kumi, kwa sababu siku tatu kabla ya tarehe bado kuna la kufanya: mauzo ya kesho, mdaiwa wa mteja mwenyewe, akiba ya kikundi. Mimi nalitazama daftari hilo kabla ya ripoti ya mfumo. Mteja asiyepiga na asiyeonekana mkutanoni namfuata siku hiyohiyo, peke yangu, na sizungumzi deni mbele ya watoto wala majirani. Sipokei fedha mkononi bila stakabadhi, hata mteja akiniapia kuwa ananiamini. Wateja 198 kati ya 312 wako kwenye mkopo wa tatu au zaidi.

Nimewafundisha maafisa wapya wanne. Watatu bado wako kazini. Udhaifu wangu ni kwamba nakua polepole: shabaha ya wateja wapya niliifikia robo mbili tu kati ya nne za mwaka uliopita, na kuna wenzangu wenye salio kubwa kuliko langu. Nikipewa usimamizi, jambo la kwanza ni kila afisa kulinganisha stakabadhi na mfumo mara moja kila robo, kwenye vikundi asivyovihudumia yeye.

Wadhamini wa maombi haya ni watu watano waliokubali kupigiwa simu. Namba zao ziko kwenye bahasha iliyofungwa niliyoikabidhi masijala. Wanne walikopa kwangu. Wa tano nilimkatalia mkopo mara mbili, na ningeomba mumpigie yeye kwanza.