Hoja ya mweka hazina kuhusu akiba ya kikundi

Mwenyekiti, ndugu wanakikundi, habari za mchana.

Nimepewa dakika 5 nieleze kwa nini nataka akiba yetu iende kwenye mafunzo ya ufundi simu na si kwenye mashindano ya mpira. Nasikia minong'ono huko nyuma kwamba mweka hazina hapendi mpira. Haya, ulizaneni ni nani anayesimama golini kila Jumapili. Mabao niliyofungwa tuyaache kwanza.

Makadirio ya kamati ya michezo nimeyasoma mstari kwa mstari, na wameyaandaa vizuri. Timu 8, kwa mtoano. Maana yake ni mechi 7 basi, na timu 4 zinaaga baada ya kucheza mara moja, pengine na yetu ikiwemo. Kwa mechi hizo 7 tulipe waamuzi na washika vibendera, tununue jezi, mipira, kombe na medali, tukodi spika na maturubai, na mtu wa huduma ya kwanza awepo, hilo halina mjadala. Baada ya fainali, kwa hesabu yao wenyewe, kinachobaki hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya tulichonacho. Wapo wanaosema kiingilio kitarudisha gharama. Uwanja ule hauna ukuta wala uzio. Huyo mkata tiketi atasimama wapi?

Kisha kuna jambo ambalo tunalikwepa. Tuko 46 humu ndani, na 21 kati yetu ni wasichana. Wamechanga sawa na sisi, wengine kwa wakati kuliko sisi, daftari ninalo. Katika mpango wa mashindano nimewatafuta nikawaona sehemu moja tu: kugawa maji.

Sasa mafunzo. Fundi yuko tayari kutufundisha Jumamosi na Jumapili kwa wiki 6, watu 12 kwa mkupuo. Najua swali linalokuja: timu inasajili wachezaji 18, darasa linachukua 12, faida iko wapi? Iko kwenye vifaa. Zaidi ya nusu ya bajeti ni bisibisi ndogo, koleo, pasi za kulehemu, mita za kupimia umeme, kipulizia cha hewa moto na lenzi za kukuzia. Vyote hivyo vinabaki kuwa mali ya kikundi. Mkupuo wa pili utatugharimu malipo ya fundi na vipuri vya kujifunzia, basi. Wa tatu vilevile. Jezi zikichanika tunarudi kuchanga upya.

Na simu zinaharibika kila siku. Kioo kimepasuka, betri imekufa, tundu la chaji limelegea au limejaa vumbi. Hizo ndizo kazi za mwanzo ambazo mwanafunzi makini anaweza kuzimudu akiwa na msimamizi. Sisemi wiki 6 zitamtoa mtu fundi kamili. Anayewaahidi hivyo anawadanganya. Kurekebisha mzunguko wa umeme ndani ya simu kunataka muda mrefu zaidi. Hata betri iliyovimba tu, ukiitoboa kwa bisibisi inaweza kuwaka moto mkononi, ndiyo maana nataka fundi anayefundisha tahadhari tangu siku ya kwanza, wala si wa bei ya chini kuliko wote.

Hofu yangu mimi iko kwingine. Mtu ahudhurie wiki mbili, apotee na bisibisi zetu. Au amalize, afungue meza yake, asituone tena. Kwa hiyo naomba masharti haya yaingie kwenye muhtasari: vifaa visainiwe kutoka na kuingia, fundi alipwe nusu mwanzoni na nusu wiki ya mwisho, anayekosa vipindi vitatu bila taarifa, nafasi yake apewe mwingine. Na kila anayehitimu atumikie meza ya kikundi miezi 3, theluthi ya anachopata ikirudi kwenye mfuko. Nafasi 6 kati ya 12 ziwe za wasichana. Wakijaza zaidi ya hapo, hongera kwao.

Mpira wa Jumapili unaendelea kama kawaida. Mipira miwili tunayo, na pampu nitainunua mwenyewe, msiniwekee kwenye daftari. Mfuko ukijaa kutokana na ile meza, mimi nitakuwa wa kwanza kuunga mkono mashindano, na safari hiyo tuandae ya timu za wasichana pia.

Mwenyekiti, makadirio ya pande zote mbili nimeyabandika ukutani. Naomba kamati ya michezo wapewe dakika 5 kama nilizopewa mimi, watu waulize maswali, kisha tupige kura ya siri leo hii. Fundi anasubiri jibu letu kabla ya Ijumaa.