Baba Mwanaidi ametutoka

Barabara ya 12, Ngamiani,
Tanga.
12 Mei 2024

Kwa shoga yangu Mama Salma na shemeji yangu Baba Salma,
Mombasa.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwandiko huu hamuujui. Nasema mimi, anaandika mjukuu wangu Rehema, maana macho yangu yana mtoto wa jicho, na yule aliyekuwa akiwaandikia siku zote hayupo tena. Baba Mwanaidi ametangulia mbele ya haki Jumamosi, tarehe 20 Aprili, baada ya alasiri, hapa hapa nyumbani. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Nisameheni habari kuwafikia baada ya maziko. Namba ya Salma tuliyokuwa nayo haiiti tena, tumeipiga mpaka tukachoka. Barua hii anaileta kijana wa jirani anayekuja huko kwa biashara zake.

Tangu kile kiharusi cha mwaka juzi upande wake wa kulia ulikuwa hauna nguvu. Ramadhani daktari alimkataza kufunga, basi mchana akila, anageukia ukutani kama mtoto aliyedokoa. Siku ile alitaka uji wa mchele. Nikamnywesha vijiko vitatu, cha nne akafumba mdomo, akanishika kwa ule mkono wake mzima. Nikamwambia, "Haya, kama hutaki basi." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, shoga, na kila nikipika uji nayasikia.

Tulimzika kesho yake kabla ya adhuhuri. Masika yamepamba moto, njia ya makaburini ni tope tupu, vijana wamevua viatu na jeneza liko mabegani. Watu walikuwa wengi, namshukuru Mungu. Lakini wa reli nilimwona mmoja tu, mzee anatembelea magongo, naye alikuja kazini sisi tumeshatoka Moshi.

Hilo ndilo linalonisumbua. Wanangu wanamlilia mzee wa kitandani na lile faili lake la mafao ya Jumuiya, alilokwenda nalo ofisi hii na ile mpaka kamba yake ikakatika. Mwanaidi mwenyewe alikuwa wa kubebwa mgongoni mlipoondoka. Yule gadi kijana, kofia kaiinamisha upande mmoja, akipuliza firimbi anatazama kwanza kama wasichana wamemwona, nani anamjua? Ni ninyi. Na Mama Ouma, kama bado yuko hai Kisumu. Tafadhali mpelekeeni habari.

Wanaokuja kunipa pole nikilitaja jina lake wananiambia, "Usiseme, utajiumiza." Mimi nataka kusema! Nataka Baba Salma anisimulie tena ile safari ya Voi mlipopakia mbuzi wa watu na mbuzi wakala karatasi za mizigo. Nimeisikia mara mia, na kila mara idadi ya mbuzi ilikuwa inaongezeka.

Basi njooni. Mimi nimo edani, sitoki mpaka mwishoni mwa Agosti miezi minne na siku kumi itimie, kwa hiyo hata mkija bila taarifa mtanikuta. Baba Salma asione haya kwamba nyumba ni ya mwenye eda. Mwanangu Athumani amehamia hapa na ndiye atakayempokea, nasi tutaongea sote barazani kwa ndani. Mtalala chumba cha uani, hakina ngazi, maana najua magoti yetu. Mabasi ya Mombasa yanapita Lunga Lunga na Horohoro. Mkifika stendi muulizeni mwenye bajaji kwa Mzee Gadi, Ngamiani. Jina hilo wanalijua wote, la kwake hawalijui. Namba ya Athumani Rehema ameiandika nyuma ya bahasha.

Msilete kitu. Kama lazima, nileteeni haluwa kidogo, na msinunue udi, siutumii sasa.

Na shemeji, lile bao mliloliacha kota mwaka 1977, mlipoambiwa Jumuiya imekufa na kila mtu arudi kwao, bado lipo. Lina kete 63. Ya 64 alikuwa akisema uliondoka nayo mfukoni kwa sababu ulikuwa unashindwa, na miaka yote hii ameziba pengo kwa kifungo cha shati la kazi. Hata mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983, barua yake ya kwanza kwako alikudai kete, salamu zikafuata baadaye. Ukiiona, njoo nayo. Ukiikosa, njoo hivyo hivyo, kifungo kipo.

Wasalimieni watoto na wajukuu. Rehema anasema karatasi imekwisha.

Wenu,
Mama Mwanaidi