Kuanguka kwa Kalenga, 1894: je, ndiko kulikovunja upinzani wa Wahehe?

Historia ya Tanzania na Maadili, Kidato cha Sita, Iringa

Swali: “Kuanguka kwa ngome ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894 ndiko kulikovunja upinzani wa Wahehe dhidi ya Wajerumani.” Unakubaliana na kauli hii kwa kiasi gani?

Nakubaliana na kauli hii kwa kiasi kidogo. Kalenga ilipoanguka, Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipoteza ngome, baruti, akiba ya pembe za ndovu na sifa ya kuwa na makao ambayo hakuna adui aliyeweza kuyaingia. Hakupoteza watu wake, na nchi ilibaki mikononi mwake. Vita viliendelea kwa karibu miaka minne zaidi, na kilichovimaliza ni jambo ambalo Wajerumani hawakulifanya mwaka 1894, yaani kukaa. Walipokuja kukaa mwaka 1896, wakajenga kituo Iringa, wakawapa wapinzani wa Mkwawa sehemu za nchi yake na kumtenga na wale waliomlisha, ndipo upinzani ulipovunjika. Katika insha hii nachukulia kuwa upinzani umevunjika pale wananchi wanapoacha kumfuata na kumficha kiongozi wao. Jeshi kushindwa pambano moja hakutoshi kuitwa hivyo.

Kauli hii ina ukweli ndani yake, na ni haki tuanze nao. Utawala wa Wahehe uliounganishwa na Munyigumba na kupanuliwa na mwanawe Mkwawa ulikuwa na makao makuu yanayojulikana. Kalenga, kwenye Ruaha Mdogo, kilomita kama 15 kutoka mji wa leo wa Iringa, ilizungushiwa ukuta wa mawe uliochukua miaka kujengwa. Humo ndimo mtwa alimokaa, ndimo mali ilimohifadhiwa, na humo wanzagila, yaani watawala wadogo waliokuwa chini yake, walifika kupeleka habari na kupokea amri. Gavana wa Wajerumani, Friedrich von Schele, alipoleta kikosi chake na kuingia kwa nguvu tarehe 30 Oktoba 1894, alivunja kitovu hicho. Kuanzia siku hiyo Wahehe hawakuwa tena na mahali ambapo jeshi zima lingekusanyika, kula na kugawiwa silaha. Utawala uliokuwa ukipigana kama dola ulilazimika kupigana kwa vikundi. Hilo ni badiliko kubwa, na anayelidharau hajaelewa Kalenga ilikuwa nini.

Lakini tuangalie kilichotokea wiki zilizofuata. Mkwawa alitoka ngomeni akiwa hai. Schele hakuacha askari wa kulinda nchi. Aliteka alivyoweza kubeba, akageuza kurudi pwani, na njiani msafara wake ukashambuliwa na Wahehe. Kama upinzani ulikuwa umevunjika tarehe 30 Oktoba, ni nani hao walioshika mikuki na kuuvamia msafara wenye bunduki ambao ulikuwa umetoka kuangusha ngome yao? Tukio hili peke yake linatosha kuitia kauli shaka. Wajerumani walipoondoka, Mkwawa aliendelea kutawala. Wanzagila walimtii na ushuru uliendelea kukusanywa kwa jina lake. Mwaka 1895 Wajerumani wenyewe waliingia katika mazungumzo ya amani na wajumbe wake. Serikali haihangaiki kufanya mapatano na mtu ambaye nguvu zake zimekwisha. Kwamba mapatano hayo hayakudumu hakubadili jambo hili: mwaka mzima baada ya Kalenga, Mkwawa bado alikuwa mtu wa kuzungumza naye.

Wapo watakaosema nimechelewa mno kuanza, kwamba mgeuko wa kweli ulikuwa Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Hoja yao si dhaifu. Pale Lugalo, mashariki ya Iringa, Wahehe walilivamia jeshi la kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski likiwa katika mwendo, wakamwua yeye na sehemu kubwa ya askari wake, wakateka bunduki zipatazo 300. Ushindi huo uliigharimu Uhehe vijana wengi ambao haikuwa rahisi kuwapata tena, na uliwapa Wajerumani sababu ya kurudi kwa hasira. Hata hivyo, Lugalo haikupunguza nia ya kupigana. Mwaka uliofuata, Oktoba 1892, Wahehe waliishambulia ngome ndogo ya Wajerumani kule Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa, na kuwaua waliokuwamo. Kwa hiyo naiweka Lugalo mahali pake. Inaeleza kwa nini Schele alikuja Kalenga, lakini haielezi kwa nini Wahehe waliacha kupigana.

Maelezo hayo tutayapata katika miaka ya 1896 hadi 1898, na hapa ndipo insha nyingi juu ya Mkwawa hupita haraka kana kwamba baada ya Kalenga ilibaki hadithi ya kukimbizana tu. Mwaka 1896 ofisa wa Kijerumani Tom von Prince alikuja Uhehe na mpango ambao Schele hakuwa nao. Alijenga kituo cha kudumu, na mji wa Iringa ukaanza kukua pembeni yake. Kituo kilikuwa na askari mwaka mzima, na hilo lilimfanya mwananchi wa kawaida apige hesabu upya. Mwaka 1894 aliyemficha Mkwawa alijua Wajerumani wangeondoka baada ya siku chache. Mwaka 1897 aliyemficha alijua askari wangefika kijijini kesho, na kesho kutwa wangekuwapo bado.

Tena Prince alikuja na siasa. Alijua kwamba Uhehe ilikuwa imepanuka kwa kuwashinda majirani, na majirani hao hawakusahau. Wasangu walikuwa wamefukuzwa kutoka nchi yao na Wahehe, wakaishi kwa miaka upande wa Usafwa, karibu na ilipo Mbeya ya leo. Mwaka 1896 Merere, mtawala wa Wasangu, alirudi Utengule Usangu akiwa na Wajerumani nyuma yake, na upande wa magharibi ukafungwa. Kusini mashariki, katika bonde la Kilombero, Kiwanga, mtawala wa Wabena, naye alikuwa upande wa Wajerumani. Ukiitazama ramani ya nyanda hizi utaona mara moja maana yake: mahali pa kukimbilia na kupata nafaka palipungua kila mwezi. Hakuna ukuta uliobomolewa Kalenga ambao ungeleta matokeo kama hayo. Yaliletwa na ugomvi wa zamani kati yetu wenyewe wa Nyanda za Juu Kusini, ambao Wajerumani waliukuta na wakautumia. Ni jambo linaloumiza kuliandika, lakini bila hilo miaka hiyo haieleweki.

Ndani ya Uhehe kwenyewe walijaribu njia hiyo hiyo. Desemba 1896 walimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala badala yake. Februari 1897 walimnyonga, wakimshuku kuwa anamsaidia ndugu yake kwa siri. Nauchukulia mkasa huu kuwa ushahidi mzito kuliko mwingine wowote dhidi ya kauli ya swali. Zaidi ya miaka miwili baada ya Kalenga, Wajerumani walikuwa hawajui hata kama mtu waliyemweka wenyewe ni wao au ni wa Mkwawa. Iwe Mpangile alikuwa na hatia au hakuwa nayo, hofu yao inaonyesha kwamba utii kwa mtwa ulikuwa bado unaishi katika nyumba za watu.

Utii huo haukukatwa na mzinga. Ulikatwa na njaa. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha Mkwawa vilichomwa na chakula kikachukuliwa. Familia zililetwa kukaa karibu na kituo, ambako askari waliweza kuziona. Katika mwaka 1897 watu wengi, pamoja na wakubwa wao, walijisalimisha Iringa. Hawakuwa wasaliti, na sipendi wanavyoitwa hivyo wakati mwingine; walikuwa na watoto wa kulisha. Zawadi ya rupia 5,000 iliwekwa kwa kichwa cha Mkwawa, na hata hivyo alizunguka porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi Mlambalasi askari walipokuwa wakimkaribia. Alikuwa amebaki na watu wachache sana. Wajerumani walikikata kichwa chake, na baadaye fuvu likapelekwa Ujerumani. Lilirudi mwaka 1954. Kuna jambo la kupima hapo: walioishinda Kalenga hawakuona wameishinda Uhehe mpaka walipokuwa na kichwa cha mtu mmoja mkononi.

Je, basi mwaka wa kugeuka ni 1898? Hapana. Kifo cha Mkwawa kilifunga vita ambavyo tayari vilikuwa vimeshapoteza watu wake. Mgeuko uko 1896, kituo kilipojengwa, kwa sababu kila kilichofuata, kuanzia kujisalimisha kwa vijiji hadi upweke wa Mlambalasi, kilitegemea askari kuwapo Iringa siku zote. Hata mwaka 1905 moto wa Majimaji ulipowaka kusini, Wahehe kwa ujumla hawakujiunga, na wengi walikuwa upande wa Wajerumani. Kubomolewa kwa ukuta miaka kumi na moja nyuma hakuwezi kueleza hilo. Linaelezwa na miaka tisa ya kuishi chini ya kituo, na kumbukumbu ya njaa ya 1897 na 1898.

Pingamizi gumu kwa msimamo wangu ni hili: bila Kalenga kuanguka, Prince angejengaje Iringa mwaka 1896? Mkwawa mwenye ngome, baruti na jeshi lililokusanyika angeweza kumrudisha nyuma kama alivyomfanyia Zelewski. Nalikubali pingamizi hili, na ndiyo sababu sikusema sikubaliani kabisa. Kalenga iliondoa uwezo wa Wahehe wa kumzuia adui asiingie. Lakini adui aliingia mwaka 1894, akatoka, na nchi ikabaki ya Mkwawa. Kama Wajerumani wasingerudi, au kama wangerudi kwa msafara mwingine wa kupiga na kuondoka, hakuna dalili yoyote katika matukio ya 1895 kwamba Wahehe wangemwacha mtwa wao. Kwa hiyo naipa Kalenga nafasi ya sharti lililotangulia, na sababu yenyewe naiweka Iringa, miaka miwili baadaye.