Hotuba ya shukrani: nimetimiza hamsini

Mama yangu mzazi, wakwe zangu, wazee wetu, ndugu, majirani na marafiki, na ninyi watoto mnaoizungukazunguka ile keki mkidhani sijawaona: itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Wengine wote, karibuni sana.

MC amenipa dakika tatu. Ananijua.

Asanteni kwa kuja. Makambako usiku wa Julai si mahali pa kukaa nje. Nawaona mmejitanda mashuka na makoti juu ya sare nzuri tuliyoshona kwa gharama, na bado mmekaa. Nimeliona hilo.

Kamati ilinitayarishia orodha ya watu wa kushukuru, kurasa mbili. Nimeiacha chumbani makusudi. Nikianza kutaja majina, nitakayemruka ndiye atakuwa amekaa meza ya mbele, na kesho ni jirani yangu vilevile. Basi kila mtu ajitafute humu.

Kuna aliyekuja jana na kisu chake mwenyewe, akaikalia ndoo ya vitunguu mpaka ikaisha, machozi yanamtiririka, na utani hauishi mdomoni. Kuna aliyesafiri kwa treni kutoka Dar na mche wa parachichi kaupakata safari nzima. Dada, kuleta parachichi huku kwetu ni kupeleka samaki Mwanza, lakini nitaupanda! Na kuna mmoja ambaye, mwaka ule baba watoto alipolazwa, alikuwa akinifungulia duka la vitenge asubuhi, anauza, jioni ananiletea daftari hospitalini, hesabu imeandikwa mpaka chenji ya shilingi hamsini. Hajawahi kulisimulia popote. Simtazami sasa hivi, maana nitashindwa kuendelea.

Baba watoto, wewe tutaongea nyumbani.

Mama, wewe nakutaja, kwa sababu hukuwamo hata kwenye ile orodha. Walidhani mama hashukuriwi. Ulinizaa mwaka 1975, baba akiwa kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA, na mwaka huohuo reli ikafika Kapiri Mposhi. Kwa hiyo mimi na ile reli ni rika moja, na sote viungo vinadai grisi. Ulinilea kwa jembe na kwa mkono mwepesi wa kofi, na hadi leo unaniuliza kama nimekula. Mama, nimekula. Asante.

Wanangu, mlichanga kimyakimya mkidhani sijui. Nilijua tangu mlipoacha kuniomba vocha.

Kwa ambao sikuwagusa, nitapita nyumba kwa nyumba kuwashukuru, hivyo wekeni chai tayari. Mungu awabariki.

MC, ndafu inapoa kwa upepo huu. Wazee na wageni wa mbali watangulie, kamati wafuate, na mtu amshike yule mtoto, ameshachovya kidole kwenye keki.