Kutoka tope hadi maji meupe: mswada wa onyesho la chujio la nyumbani, moja kwa moja mbele ya kamera

Wahusika: MWONYESHAJI (kijana), MAMA (mwenye nyumba, mtu mzima), MPIGA PICHA.

Mezani: ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini na kuunganishwa mpira wenye chujio, ndoo ndogo ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nayo ina chujio lake jipya la aina ileile, bilauri za kioo, kadi nyeupe yenye neno MAJI kwa wino mweusi, bomba la sindano la kusafishia, chumvi, klorini ya maji ya kunywa, chupa mbili ndogo za kupimia vimelea, kavu, zimefungwa.

Angalizo kwa mpiga picha: kuanzia udongo unapotiwa ndooni hadi bilauri inapojaa, picha isikatwe. Mtazamaji akiona mkato atashuku tumebadilisha bilauri, na atakuwa na haki.

[Kamera inaonyesha meza nzima.]

MWONYESHAJI: Karibuni. Leo tunachafua maji mbele yenu, tunayachuja mbele yenu, kisha tunaeleza chujio hili linaweza nini na nini haliwezi. Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu.

MWONYESHAJI: Mama, sitaki nichafue mimi. Chota udongo wa bustani yako, popote unapotaka.

[Kamera inamfuata MAMA hadi bustanini bila kukata. Anarudi na konzi mbili za udongo na majani yaliyooza, anatia ndooni, anakoroga.]

MAMA: Imekuwa kama chai ya maziwa.

MWONYESHAJI: Chota bilauri moja, uiweke mbele ya kadi.

[Kamera karibu kabisa. Neno MAJI halionekani.]

MWONYESHAJI: Kadi ipo nyuma ya bilauri, lakini herufi hazisomeki. Huo ndio mwanzo wetu. Nyumbani, maji yenye tope zito kama hili yaacheni yatulie kwanza, kisha myapitishe kwenye kitambaa safi, maana kila punje ya udongo mnayoizuia mapema inaongeza maisha ya chujio. Leo ninalipa chujio hili kazi ngumu kwa makusudi.

[Ananing'iniza ndoo juu, anashusha chujio chini kadiri mpira unavyofika, anafungua koki.]

MWONYESHAJI: Hakuna umeme hapa, hakuna pampu. Uzito wa maji yenyewe ndio unaoyasukuma, kwa hiyo ndoo ikiwa juu zaidi maji yanatoka kwa kasi zaidi. Ndani ya chujio kuna mirija myembamba kama uzi, na kuta za mirija hiyo zina vitundu vya mikroni 0.1. Mikroni ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000. Bakteria wengi wa kuharisha, pamoja na wa kipindupindu, wana upana wa nusu mikroni hivi au zaidi, kwa hiyo wanakwama. Vimelea vya giadia ni vikubwa zaidi, vina mikroni 8 hadi 12. Navyo vinakwama.

[Maji yanaanza kutoka. Kamera karibu na mdomo wa chujio.]

MWONYESHAJI: Bilauri ya kwanza namwaga. Chujio jipya lazima lijisuuze. Sasa hii ya pili, mama, shika wewe.

[Kimya hadi bilauri ijae. Asiongee mtu. Bilauri inawekwa mbele ya kadi, kando ya ile chafu.]

MAMA: M, A, J, I. Nasoma yote!

MWONYESHAJI: Inua ndoo tuone, maji yametoka humohumo.

[Kamera inapanda kutoka bilauri hadi chujio, mpira, ndoo.]

MAMA: Basi niyanywe?

MWONYESHAJI: Hapana mama, bado. Maonyesho mengi huishia hapa, mtu anakunywa, watu wanapiga makofi. Macho yameona tope limeondoka, lakini kuna vitu ambavyo havina rangi. Sogea kwenye ndoo ndogo.

[Anatia vijiko viwili vya chumvi kwenye maji yaliyochemshwa, anakoroga hadi iyeyuke, anafungua koki, anamwaga ya kwanza, anampa MAMA bilauri ya pili.]

MWONYESHAJI: Haya yalichemshwa, na chujio hili halijaguswa na tope. Onja kidogo.

MAMA: [Anakunja uso.] Chumvi tupu!

MWONYESHAJI: Naam, imepita yote. Kitu kilichoyeyuka kwenye maji hakizuiwi na vitundu hivi. Kama kisima chako kina chumvi, floridi, aseniki au dawa za shambani, chujio hili halitakusaidia, hata maji yawe meupe namna gani. Maji hayo yapimwe maabara, au utafute chanzo kingine. Mimi ninayemwonyesha mtu chujio nina wajibu wa kumwambia hili kabla hajatoa pesa yake.

MAMA: Na virusi je?

MWONYESHAJI: Swali zuri sana. Virusi ni vidogo kuliko vitundu. Rota, inayoharisha watoto wachanga, iko chini ya mikroni 0.1. Ya homa ya ini aina ya A ni ndogo zaidi. Kwa hiyo baada ya kuchuja tunatia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, tunafunika, tunasubiri dakika 30. Klorini hufanya kazi vizuri kwenye maji meupe. Kwenye tope inamalizwa na uchafu kabla haijafika kwa vimelea. Asiye na klorini achemshe hadi maji yatokote vizuri.

[Kabla ya kutia klorini, MWONYESHAJI anajaza chupa mbili za kupimia: moja maji ya ndoo, moja yaliyochujwa. Anaandika CHAFU na SAFI, anazielekeza kamerani.]

MWONYESHAJI: Ninachukua sampuli sasa, kabla ya klorini, ili tulipime chujio peke yake. Maji yenye bakteria wanaotokana na kinyesi kwa kawaida hugeuka meusi ndani ya chupa hizi kwa saa 24 hadi 48, zikikaa mahali penye joto.

[Anatia klorini kwenye maji yaliyochujwa, ndani ya chombo chenye mfuniko na koki. Anarudi kwenye ndoo kubwa. Maji sasa yanadondoka tu.]

MAMA: Mbona limechoka?

MWONYESHAJI: Tope limeziba vitundu. Hapa ndipo watu wengi hulitupa wakidhani limeharibika. Tazama.

[Anavuta maji yaliyochujwa kwa bomba la sindano, anabana kwenye mdomo wa kutolea, anasukuma kwa nguvu kinyumenyume. Maji ya kahawia yanatoka upande wa kuingilia. Anarudia hadi yatoke meupe, anaunganisha upya. Mtiririko unarudi.]

MWONYESHAJI: Tumia maji safi pekee, maana huu ndio upande safi, ukisukuma maji machafu hapa umewaingiza bakteria mahali ulipowazuia wasifike. Kwa sababu hiyo hiyo mdomo huu usiguse ndoo chafu, wala kidole. Na chujio likianguka kwenye sakafu ngumu, mirija inaweza kupasuka bila wewe kuona, na maji yataendelea kutoka meupe. Likianguka vibaya, badilisha.

[Dakika 30 zikitimia, saa ikionekana kwenye picha, MAMA anafungua koki ya chombo, anakunywa. MWONYESHAJI naye anakunywa.]

MAMA: Yana harufu kidogo ya dawa.

MWONYESHAJI: Hiyo klorini iliyobaki inayalinda humo chomboni. Chombo kiwe na mfuniko na koki, mtu asichovye kikombe. Sasa chupa zetu mbili zinabaki kwa mama, kwenye rafu hii, na kesho saa hizi tutawasha kamera tena tuzitazame pamoja, na keshokutwa pia. Ile ya SAFI ikigeuka nyeusi, mtaiona ikiwa nyeusi.