Doa Juu ya Sikio

Nilikuwa nimefumua nusu ya rasta zake nilipoliona: doa jeusi juu ya sikio la kushoto, kubwa kama punje ya harage, kingo zake hazilingani. Mwezi wa tatu lilikuwa kama kichwa cha pini. Nimemsuka mama huyu miaka 6 hapa Kiboriloni. Kichwa chake nakijua kuliko yeye mwenyewe.

Nikaweka kitana chini.

"Mama, hapa panawasha?"

"Hapana. Kuna nini?"

Nikapiga picha kwa simu, nikamwonyesha. "Mimi si daktari, mama. Ila limekua. Twende KCMC, kliniki ya ngozi, wakuangalie."

Akaitazama muda mrefu. "Nikishavuna mahindi."

"Kesho, mama. Nafunga saluni, nakusindikiza."

Akanishika mkono. "Basi malizia kufumua. Wapaone vizuri."